Picha Mbili za Ukurasa Mmoja: Namna ya Kuorodhesha Kilichobadilika katika Ruhusa za Simu

Malalamiko mengi kuhusu programu za mikopo ya simu huanza kwa maneno yaleyale: "Mwanzoni haikuwa hivi." Mkopaji anasema kwamba alipoipakua programu hakuiruhusu isome majina yaliyohifadhiwa katika simu yake, lakini baada ya kuchelewa kulipa kwa siku mbili, shemeji yake, mwalimu wa mtoto wake na fundi wa bomba wote walipokea ujumbe wa kumdhalilisha. Maneno hayo yanaweza kuwa kweli tupu. Hata hivyo, anayeyapokea malalamiko atauliza: kabla ilikuwaje, sasa ikoje, na ni kipi hasa kilichobadilika?

Anayejibu vizuri swali hilo ni mtumiaji mwenye picha mbili za skrini za ukurasa uleule wa mipangilio, moja ya awali na nyingine ya sasa. Lakini kuwa na picha hizo hakutoshi. Tumeona mara nyingi watumiaji wakileta picha mbili na kusema tu "tazameni wenyewe", na kumbe mabadiliko makubwa wameyapita, na yale waliyoyataja si mabadiliko hata kidogo. Katika somo hili tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ili msomaji aweze kufanya kazi hiyo kwa simu yake mwenyewe.

Mfano tutakaoutumia

Tuseme mama mmoja muuza vitenge wa Morogoro alipakua programu ya mikopo kupitia kiungo alichotumiwa kwa ujumbe mfupi. Simu yake ni ya mfumo wa Android. Siku aliyoipakua alifungua Mipangilio, akaingia sehemu ya programu, akaichagua programu hiyo, akagusa "Ruhusa", kisha akapiga picha ya skrini. Miezi miwili na nusu baadaye, jamaa zake walipoanza kupokea ujumbe, alirudi kwenye ukurasa uleule akapiga picha ya pili.

Ukurasa huo hupanga ruhusa katika mafungu mawili: zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa. Kila ruhusa ina mstari wake, na baadhi ya mistari ina maandishi madogo chini yake. Chini kabisa huwa na swichi inayoiagiza simu iondoe ruhusa ikiwa programu haijatumika kwa muda mrefu. Majina ya mistari hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Msomaji aandike jina kama lilivyo kwenye skrini yake. "Anwani" katika ukurasa huu si mahali mtu anapoishi, bali ni orodha ya majina na namba za simu alizozihifadhi.

Kwanza: hakikisha kuwa picha zinalingana

Kabla ya kutafuta tofauti yoyote, ni lazima kuthibitisha mambo mawili: kwamba picha zote mbili ni za programu ileile na ukurasa uleule, na kwamba tunajua kila moja ilipigwa lini. Jina la programu na la ukurasa huonekana juu. Ikiwa picha moja imekatwa juu na jina halionekani, picha hiyo haiwezi kusimama yenyewe kama ushahidi.

Tarehe ni jambo linalowakosesha wengi. Mstari wa juu kabisa wa skrini huonyesha saa, na mara nyingi hauonyeshi siku. Siku hupatikana katika jina la faili. Simu nyingi za Android huliandika jina hilo kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha saa, dakika na sekunde. Faili mbili za mama wa mfano wetu zilikuwa hizi:

```
Screenshot_20250303-191204.png
Screenshot_20250521-064033.png
```

Ya kwanza ni ya tarehe 3 Machi 2025, na ya pili ni ya tarehe 21 Mei 2025. Hapa tunaomba uangalifu katika kuandika saa. Simu inasoma 19:12, nasi husema saa 1:12 usiku. Inasoma 06:40, nasi husema saa 12:40 asubuhi. Katika maelezo ya malalamiko, andika tarakimu kama simu ilivyoziandika, kisha ukipenda ongeza saa yetu pembeni. Lalamiko linalosema "saa 12:40" wakati picha inasema 06:40 humpa mpinzani nafasi ya kudai kwamba picha si yako.

Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hupunguzwa ubora na hupewa jina jipya, mathalani IMG-20250521-WA0003.jpg. Tarehe iliyomo katika jina hilo haionyeshi siku picha ilipopigwa. Kwa hiyo usiifute faili ya asili katika simu yako, na unapolazimika kuituma, itume kama hati na si kama picha. Ukitaka kuchora mduara au mshale juu yake, chora kwenye nakala.

Pili: orodhesha picha ya kwanza kabla ya kuitazama ya pili

Jicho la binadamu likiwekewa picha mbili kwa pamoja hukimbilia kile linachokitarajia. Mama wa mfano wetu alikuwa na hasira kuhusu majina yake ya simu, na bila shaka angeliona neno "Anwani" tu na kuacha mengine. Ndiyo maana tunashauri picha ya kwanza iorodheshwe peke yake, mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, kila mstari ukipewa namba. Chukua kipande cha karatasi, funika skrini, kisha ukishushe polepole ili uuone mstari mmoja kwa wakati mmoja. Andika jina la mstari, fungu lake, na maandishi madogo yaliyo chini yake. Maandishi hayo madogo ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote.

Orodha ya tarehe 3 Machi ilitoka hivi:

1. Faili na maudhui: imeruhusiwa.
2. Kamera: imeruhusiwa, wakati programu inatumika tu.
3. Mahali: imeruhusiwa, wakati programu inatumika tu.
4. Anwani: haijaruhusiwa.
5. Simu: haijaruhusiwa.
6. Swichi ya kuondoa ruhusa programu isipotumika: imewashwa.

Baada ya hapo picha ya kwanza iliwekwa kando, na picha ya tarehe 21 Mei ikaorodheshwa kwa namna ileile:

1. Anwani: imeruhusiwa.
2. Arifa: imeruhusiwa.
3. Kamera: imeruhusiwa, wakati programu inatumika tu.
4. Mahali: imeruhusiwa, wakati wote.
5. Muziki na sauti: imeruhusiwa.
6. Picha na video: imeruhusiwa.

Picha ya pili iliishia hapo. Fungu la ruhusa zisizoruhusiwa halikuonekana, wala swichi ya chini haikuonekana, kwa kuwa orodha ilikuwa imerefuka na mama hakuisogeza skrini.

Tatu: kila mstari upewe hukumu moja

Sasa orodha mbili zinawekwa pamoja. Kila mstari uliomo katika orodha yoyote kati ya hizo mbili ni lazima upewe hukumu moja kati ya tano: haukubadilika, hali yake imebadilika, umeongezeka, umeondoka, au hauonekani. Hukumu ya tano ndiyo inayotenganisha orodha ya kweli na orodha ya kukisia. Kutoonekana si kuondoka. Mstari unaweza kutoonekana kwa sababu skrini haikusogezwa, kwa sababu maandishi yamekuzwa, au kwa sababu picha imekatwa.

| Mstari | 3 Machi | 21 Mei | Hukumu |
|---|---|---|---|
| Anwani | haijaruhusiwa | imeruhusiwa | hali imebadilika |
| Mahali | programu inapotumika | wakati wote | hali imebadilika |
| Kamera | programu inapotumika | programu inapotumika | haukubadilika |
| Arifa | haupo | imeruhusiwa | umeongezeka |
| Muziki na sauti | haupo | imeruhusiwa | umeongezeka |
| Picha na video | haupo | imeruhusiwa | umeongezeka |
| Faili na maudhui | imeruhusiwa | haupo | umeondoka |
| Simu | haijaruhusiwa | — | hauonekani |
| Swichi ya chini | imewashwa | — | hauonekani |

Neno "haupo" limetumika pale tu tulipoliona fungu zima. Picha ya kwanza ilionyesha ukurasa wote hadi swichi ya chini, kwa hiyo tunaweza kusema kwa uhakika kwamba mstari wa Arifa haukuwapo siku ile. Katika picha ya pili tunaliona fungu lote la zinazoruhusiwa, ila hatulioni fungu la zisizoruhusiwa. Je, "Faili na maudhui" imeondoka kweli, au imehamia kwenye fungu lisiloonekana? Kwa picha hiyo peke yake hatuwezi kujua. Hukumu ya "umeondoka" tuliyoiandika hapo juu ni ya haraka mno, na tumeiacha makusudi ili msomaji aone jinsi kosa hili linavyoingia kwa urahisi. Kwa ushahidi uliopo, mstari huo nao ulipaswa kuandikwa "hauonekani".

Dawa yake ni ndogo. Mama aliufungua tena ukurasa, akausogeza hadi chini, akapiga picha ya tatu. Hiyo ni picha mpya yenye saa yake na namba yake. Haiunganishwi na ya pili kana kwamba ni moja. Unapopiga picha ya nyongeza, acha mstari mmoja au miwili ya mwisho ya picha iliyotangulia ionekane juu, ili msomaji aone kwamba hakuna kilichorukwa kati yake. Picha ya tatu ilionyesha kwamba "Simu" bado haijaruhusiwa, kwamba "Faili na maudhui" haipo kabisa, na kwamba swichi ya chini imezimwa. Sasa jedwali linaweza kukamilishwa: "Faili na maudhui" imeondoka, "Simu" haikubadilika, na hali ya swichi imebadilika.

Tofauti zisizo mabadiliko

Mtu anayezilinganisha picha hizo kwa mtazamo wa haraka angeweza kutaja tofauti nyingine kadhaa: picha ya pili ina mandhari meusi, maandishi ni makubwa zaidi, betri imepungua, na "Kamera" imeshuka kutoka nafasi ya pili hadi ya tatu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohusu ruhusa. Rangi na ukubwa wa maandishi ni mipangilio ya simu nzima. Nafasi ya mstari imebadilika kwa sababu mistari mingine imeingia juu yake, kwa kuwa orodha hupangwa kwa alfabeti ndani ya kila fungu. Tukibadili lugha ya simu, majina yote yangebadilika na mpangilio wote ungevurugika, ilhali ruhusa zenyewe zingebaki vilevile. Kwa hiyo linganisha jina kwa jina, wala usilinganishe nafasi kwa nafasi.

Ipo pia tofauti ya kweli ambayo maana yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mstari mmoja wa "Faili na maudhui" umeondoka na mistari miwili, "Picha na video" na "Muziki na sauti", imeingia. Anayeona hivyo anaweza kudai kwamba programu imejiongezea ruhusa mbili. Tangu Android 13, mfumo wenyewe uliigawa ruhusa ya zamani ya faili katika ruhusa ndogondogo, na programu iliyokuwa na ile ya zamani inaweza kurithi hizi mpya bila mwenye simu kuulizwa. Toleo hilohilo ndilo lililofanya arifa kuwa ruhusa inayojitegemea. Simu ya mama ilikuwa imesasishwa mwezi wa Aprili. Basi mistari hiyo inabaki katika orodha, maana imebadilika kweli, lakini pembeni inaandikwa: "huenda ni kwa sababu ya kusasishwa kwa mfumo."

Picha husema nini, na hainenei nini

Yanabaki mabadiliko matatu yenye uzito: Anwani, Mahali, na swichi ya chini. Picha zinathibitisha kwamba hali hizo zilikuwa moja tarehe 3 Machi na nyingine tarehe 21 Mei. Hazisemi ni siku gani katikati yake zilibadilika, wala ni nani aliyezibadilisha.

Jambo hili lina matokeo katika namna ya kuandika lalamiko. Mama alitaka kuandika kwamba programu "ilijipa yenyewe" ruhusa ya kusoma majina. Katika Android, tangu toleo la 6, ruhusa ya aina hiyo kwa kawaida hupatikana baada ya mtu anayeishika simu kugusa neno la kukubali. Alipotulia alikumbuka kwamba mwezi wa Aprili aliomba mkopo mkubwa zaidi, na kisanduku kikamtokea, alipokataa, ombi halikuendelea, alipokubali, likaendelea. Vivyo hivyo alielekezwa kwenye ukurasa wa Mahali na kuambiwa achague "wakati wote", kisha azime swichi ya chini "ili akaunti isifungwe".

Maelezo hayo ya kweli yana nguvu kuliko madai yale ya kwanza. Kama angesema programu ilijipa ruhusa, mkopeshaji angejibu kwa neno moja kwamba mteja alikubali, na lalamiko lingedhoofika. Lakini akisema kwamba alilazimishwa kukubali ili apate mkopo, hoja inahamia kwenye swali la iwapo ridhaa hiyo ilikuwa ya hiari, na iwapo majina ya watu wengine yalihitajika kwa kazi hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume inayopokea malalamiko ya namna hii. Nchini Kenya, kanuni za watoa mikopo ya kidijitali za mwaka 2022 zinakataza kutumia orodha ya majina ya mteja kuwatumia watu ujumbe pale anaposhindwa kulipa. Nalo duka la programu la Google, tangu tarehe 31 Mei 2023, haliruhusu programu za mikopo binafsi kuzifikia anwani na picha za mteja. Ila programu iliyopakuliwa kwa kiungo, kama hii, haikupitia duka hilo.

Kuna ukomo mwingine ambao msomaji anapaswa kuujua. Ukurasa huu huonyesha makundi ya ruhusa, wala hauonyeshi kila ruhusa iliyomo ndani yake. Programu iliyokwisha kupewa ruhusa moja ya kundi fulani inaweza, baada ya kusasishwa, kupata nyingine ya kundi hilohilo bila kuuliza tena. Picha mbili zinaweza basi kufanana kabisa ilhali ndani mambo yamebadilika. Katika simu nyingi, ukigusa vitone vitatu vilivyo juu ya ukurasa utapata chaguo la kuona ruhusa zote moja moja. Piga picha ya orodha hiyo pia. Vilevile, ukurasa wa Ruhusa hauonyeshi kama mahali panapotolewa ni mahususi au pa kukadiria. Hilo huonekana ukigusa mstari wa Mahali wenyewe.

Mpangilio wa hatua za mwisho

Watumiaji wengi, wakishaona ruhusa ya Anwani imewashwa, huizima papo hapo kwa hofu. Hofu hiyo tunaielewa, lakini ukizima kabla ya kupiga picha umefuta ushahidi wako. Piga picha kwanza, ukurasa mzima hadi chini. Kisha ondoa ruhusa. Kisha piga picha nyingine ya kuthibitisha kwamba umeiondoa, ili ikiwashwa tena pasiwe na ubishi.

Kuondoa ruhusa huzuia usomaji unaofuata. Hakurudishi majina yaliyokwisha kunakiliwa. Kwa sababu hiyo, pamoja na kuzima, mtumiaji anapaswa kumwandikia mkopeshaji kwa maandishi akitaka majina hayo yafutwe, na kuhifadhi nakala ya barua hiyo.

Lalamiko la mama wa Morogoro lilipoandikwa upya lilikuwa na sentensi chache: "Tarehe 3 Machi 2025, 19:12, ruhusa ya Anwani haikuwa imetolewa (picha ya 1). Tarehe 21 Mei 2025, 06:40, ilikuwa imetolewa (picha ya 2). Ruhusa ya Mahali ilibadilika kutoka wakati programu inatumika tu hadi wakati wote (picha ya 1 na ya 2). Swichi ya kuondoa ruhusa ilikuwa imewashwa, sasa imezimwa (picha ya 1 na ya 3). Nilikubali mabadiliko haya mwezi wa Aprili kwa sababu ombi la mkopo halikuendelea nilipokataa. Ruhusa za Kamera na Simu hazikubadilika."

Sentensi ya mwisho haina lawama yoyote ndani yake, na watu wengi wangeiacha. Sisi tunashauri ibaki. Anayesoma lalamiko na kukuta mlalamikaji ametaja hata yale ambayo hayakubadilika, hujua kwamba orodha yote imekaguliwa mstari kwa mstari, na huyasoma yale mengine kwa imani zaidi.